Nyanya zinababuka majani: ununue dawa ya wadudu au ya ukungu?

Jani la nyanya lenye mabaka ya kahawia linaweza kuwa na bakajani chelewa, ambao ni ugonjwa wa ukungu, au limeliwa na kiwavi wa kantangaze. Ukifika duka la pembejeo na kusema tu "majani yanaungua", utauziwa chochote. Chuma kwanza jani bichi lenye baka, ulielekeze juani.

Baka la kantangaze linapitisha mwanga kama karatasi, kwa kuwa kiwavi amekula nyama ya jani na kuacha ngozi ya juu na ya chini. Ndani utaona chembe nyeusi za kinyesi, mara nyingi na kiwavi mwenyewe. Baka la bakajani halina uwazi huo. Kingo zake huonekana kama zimelowa maji, na ukigeuza jani alfajiri kabla umande haujakauka, unakuta utando mweupe upande wa chini.

Masika iliyopita jirani yangu hapa Arumeru alipuliza dawa ya wadudu mara tatu, huku shamba likizidi kuwa jeusi. Nilipokwenda asubuhi na kugeuza majani, utando ule ulikuwa kila mstari, na mashina yameshapata weusi. Iliniuma, maana pesa ya chupa zile ingetosha dawa ya ukungu ya msimu mzima.

Kwa masika, mimi napanga dawa za kununua hivi. Ya kwanza ni mankozebu. Ni ya bei nafuu, lakini ni kinga tu: inakaa juu ya jani na mvua inaiosha, hivyo inunuliwe kabla ugonjwa haujaingia. Ya pili ni mchanganyiko wa metalaksili na mankozebu, unaopenya ndani ya mmea. Uweke kwa ajili ya dalili za mwanzo, wala usiurudie mfululizo, kwani ugonjwa huuzoea.

Ya tatu ni emamektini, au klorantraniliproli ukiimudu. Zipokezane ili kiwavi asizoee moja. Kiangazi, kantangaze anapostawi, hizi mbili zinapanda hadi nafasi ya kwanza. Ya mwisho ni lambda-saihalothrini. Wengi huikimbilia, ila kantangaze wa sehemu nyingi ameshaizoea, nayo inaua wadudu rafiki wanaomla.

Yoyote utakayochagua, soma kwenye kibandiko kipimo cha maji na siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, usinunue hata moja kati ya hizo. Kata shina karibu na ardhi, ulining'inize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Ng'oa mmea huo, na msimu ujao panda mahindi kwenye tuta hilo.