Uzoefu wangu: nilivyompa mhariri nakala ya podikasti anitengenezee skripti ya video fupi

Nina podikasti ya mahojiano, na kwa muda mrefu nilitaka kila kipindi kizae video fupi ya simu, isiyozidi dakika moja. Nakala ya maandishi huwa ninayo. Nilichokosa ni mtu wa kuigeuza skripti, yaani kuonyesha sauti ianzie wapi, ikatwe wapi, na ni maneno gani yatokee kwenye skrini na kwa sekunde ngapi. Nikamlipa mhariri wa kujitegemea anayefanya kazi hiyo. Nimeridhika naye kwa sehemu kubwa, ingawa kuna jambo moja zito ambalo mteja yeyote wa huduma kama hii anapaswa kulikagua mwenyewe.

Kipindi nilichompa kilikuwa mazungumzo na fundi wa simu kuhusu betri. Kabla hajachagua chochote, aliomba faili ya sauti iliyorushwa hewani, akalinganisha nyakati zake na zile za nakala. Kumbe nakala ilitokana na rekodi ghafi, kabla ya kuwekwa muziki wa kufungulia, kwa hiyo nyakati zote zilikuwa nyuma. Njia yake ya kupima ni rahisi na sasa naitumia mwenyewe: chukua sentensi moja ya mwanzoni na nyingine ya mwishoni, uzitafute kwenye sauti. Tofauti ikiwa ile ile pande zote mbili, kimeongezwa kitu mwanzoni tu, na unasogeza nyakati zote kwa kiasi hicho. Tofauti ikibadilika kadiri unavyosonga mbele, kuna vipande vimekatwa katikati, na kila kipande unachokitaka ukitafute upya.

Baada ya hapo alichagua sehemu moja ya kama dakika nne. Mgeni wangu huongea takriban maneno mawili kwa sekunde, hivyo dakika moja inabeba maneno 120 hivi, na sehemu ile ilikuwa na karibu 480. Ilibidi robo tatu ziondoke. Mhariri hakuandika upya maneno ya mgeni hata mara moja. Alikata na kuunganisha sentensi zilizosemwa kweli, kila moja ikiwa na muda wake pembeni. Hilo ni la lazima, kwa sababu skripti ya namna hii isipolingana na sauti iliyopo haina matumizi, hata iwe imeandikwa kwa ufasaha namna gani.

Alichonifurahisha nacho zaidi ni maandishi ya skrini. Nilidhani yangekuwa manukuu, yaani kila kinachosemwa kikiandikwa chini. Manukuu yalikuwepo, lakini kwenye faili yake peke yake. Maandishi ya skrini aliyapa kazi nyingine: kurudisha kile ambacho mkato umekiondoa. Mfano ni sentensi aliyoiteua kufungulia video. Fundi anasema, "Ikipata joto kila siku, inakufa mapema." Katika kipindi kizima inaeleweka, maana swali langu lilikuwa limeitaja betri. Ukiikata peke yake, mtazamaji hajui kinachokufa ni simu au betri, kwani zote mbili zinachukua kiambishi kile kile. Mhariri hakulirudisha swali langu refu. Aliandika kwenye skrini:

Muda 00:00–00:03
Sauti: "Ikipata joto kila siku, inakufa mapema."
Picha: uso wa fundi, karibu
Maandishi: BETRI YA SIMU YAKO

Maneno manne yameziba pengo lote. Wala hayarudii sauti, kwa hiyo jicho na sikio havigombanii sentensi moja.

Urefu wa maandishi aliupima kwa herufi. Kanuni aliyoitumia ni herufi 15 hivi kwa sekunde, nafasi zikihesabiwa. Kwa Kiswahili kuhesabu maneno kunadanganya, maana neno moja kama "hazikuwahi" linabeba kitenzi, mtenda na wakati kwa pamoja. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mstari huu: "Usiweke simu chini ya mto wakati inachajiwa kwa sababu joto halina pa kutokea." Hizo ni herufi 77, zinazohitaji zaidi ya sekunde tano, ilhali sauti ya hapo ilikuwa ya sekunde tatu. Yeye mwenyewe aliuona, akaugeuza kuwa "Chini ya mto = joto", kwa kuwa maelezo yaliyobaki fundi anayatoa kwa mdomo. Kipimo chake cha pili ni kusoma maandishi kimoyomoyo, bila haraka, kabla hayajaondoka. Usipomaliza, ama unapunguza maneno ama unaongeza muda.

Aliniwekea pia alama ya mahali pa kila andiko. Video ya wima kwenye simu hufunikwa chini na maelezo ya akaunti, na upande wa kulia na vitufe vya kupenda na kushiriki. Maandishi yote aliyaweka sehemu ya juu kidogo ya katikati, manukuu yakakaa chini yake. Ni jambo dogo, lakini mtu anayekutengenezea skripti bila kutaja mahali anamwachia mtengeneza video kubahatisha.

Sasa lile zito. Fundi alisema hivi: kuchaji usiku kucha siyo tatizo kubwa, kwa sababu simu hupunguza na kukata umeme ikijaa; lakini betri kukaa imejaa kwa saa nyingi huku ina joto kunaizeesha haraka. Skripti iliikata sentensi pale kwenye "ikijaa", kisha skrini ikaandika "KUCHAJI USIKU KUCHA HAKUHARIBU BETRI". Hakuna neno lililobuniwa katika sauti, ila maana imegeuka. Andiko la skrini linabaki machoni baada ya sauti kupita, watu hulipiga picha na kulituma peke yake, na hapo mgeni wangu angeonekana amesema kitu ambacho hakusema. Niliirudisha. Mhariri aliipokea hoja vizuri, akaongeza kile kipande cha "lakini", akatoa salamu za kufungia ili muda utoshe, na andiko likawa "Adui mkubwa wa betri ni joto". Herufi 28, sekunde mbili, na fundi mwenyewe aliposomewa alikubali.

Kwa hiyo ukipokea skripti ya namna hii, usianze na uzuri wake. Nenda kila mahali palipokatwa, soma kwenye nakala sentensi mbili zinazofuata, utafute "lakini", "isipokuwa", "ila" au "inategemea". Ukikuta mojawapo imeachwa nje, angalia andiko la skrini linasema nini. Mara nyingi tatizo liko kwenye andiko kuliko kwenye sauti, kwani ndilo lililofupishwa zaidi.

Huduma hii inafaa kwa mahojiano yenye mgeni anayemalizia sentensi zake. Nilimpa pia kipindi cha watu watatu wanaoingiliana maneno, na huko matokeo yalikuwa dhaifu: karibu kila sentensi nzuri ilikuwa na sauti ya mtu mwingine juu yake, na nakala haionyeshi hilo hata kidogo, kwani huandika wasemaji kwa zamu kana kwamba walisubiriana. Mkato uliosomeka safi kwenye karatasi ulisikika umekwaruzika. Kwa vipindi vya aina hiyo nitaendelea kumtumia, lakini kwa makubaliano kwamba ateue vipande kwa kusikiliza kwanza, na nakala aifungue baadaye kwa ajili ya kuandika nyakati tu.