Mwezi wa kuzoea kusoma tena: uzoefu wangu wa darasa la jioni Chake Chake

Nimemaliza mwezi wa kwanza katika darasa la jioni la watu wazima hapa Chake Chake. Kila ninayemwambia ananiuliza, "Mnasomeshwa nini hasa huko?" Basi naandika kwa urefu, kwa faida ya wenzangu wanaofikiria kurudi.

Mie ni fundi cherehani. Kidato cha nne nilimaliza mwaka 1998, na matokeo yangu hayakunifikisha popote. Nikaolewa, nikalea, nikashona. Sasa nataka kurudia masomo manne, Kiswahili, Historia, Uraia na Biolojia, nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani wenyewe hufanywa Novemba na usajili hufunguliwa mapema mwakani, kwa hiyo muda ninao. Nilichokosa ni uwezo wa kukaa na ukurasa mmoja mpaka nikaumaliza. Meseji nasoma kutwa, lakini aya tatu za kitabu zilikuwa zinanishinda.

Darasa hili linaanza na mwezi mmoja wa kuzoea, ada yake shilingi 15,000, na ndani ya mwezi huo hawagusi somo lolote la mtihani. Kazi yote ni kusoma. Baada ya hapo ndipo unachagua masomo na kulipa ada nyengine. Mwanzo niliona napotezewa wakati. Sasa naona sehemu hii ndiyo inayostahili pesa zaidi kuliko zote.

Jioni ya kwanza mwalimu hakutupa kitabu. Alitupa karatasi yenye mistari iliyopungua ukubwa kadiri unavyoshuka, mstari wa juu herufi kubwa, wa chini kama maandishi ya kwenye paketi ya dawa. Kila mtu aliishika kwa urefu wa mkono uliokunjwa kidogo, kiasi cha sentimita 40 kutoka usoni, akasoma mpaka mstari ulipoanza kufifia. Mie nilikwama katikati. Akaniambia, "Hebu isogeze mbali, bibie." Nikainyoosha mikono, na mistari miwili zaidi ikasomeka.

"Basi hujasahau kusoma," akasema. "Macho yako yanataka miwani ya karibu."

Maelezo yake yalikuwa hivi. Ndani ya jicho mna lenzi inayojikunja ili tuone vitu vya karibu. Kuanzia miaka ya arubaini lenzi hiyo inakuwa ngumu na haijikunji vizuri tena. Humpata kila mtu, hata aliyekuwa na macho makali maisha yake yote. Dalili zake ni kusogeza karatasi mbali, kutafuta taa kali zaidi, na kichwa kuuma kwenye paji baada ya kusoma kidogo. Mie kwa muda mrefu nilikuwa nampa binti yangu sindano anitilie uzi, na sikuwahi kuhusisha jambo hilo na kitabu kunichosha.

Kisha akatupa njia ya kutofautisha, na hii ningependa kila anayerudi kusoma aijue. Ukisogeza karatasi mbali na herufi zikawa safi, tatizo ni macho. Kama herufi ni safi tangu mwanzo lakini ukifika mwisho wa sentensi hukumbuki ilianzaje, hapo ni mazoezi yamekosekana, na mazoezi yanarudi. Watu wengi wana yote mawili, nami ni mmoja wao. Wale ambao jicho moja lilikuwa tofauti sana na jengine, au wanaona ukungu, au wana kisukari, hakuwaruhusu kununua miwani dukani. Aliwaambia waende kwanza kitengo cha macho hospitalini. Mie nilipimwa, nikapata miwani ya kusomea ya namba +1.50, na wiki ile ile nikaacha kuumwa na kichwa.

Baada ya macho ndipo tukaja kwenye kusoma kwenyewe. Kila jioni tunapewa karatasi moja, kiasi cha maneno 200, kwa Kiswahili. Nitaeleza ile iliyonifungua, iliyohusu kimbunga cha Aprili 1872. Ilieleza kwamba kimbunga hicho kiliipiga Unguja wakati wa Sayyid Barghash na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, ilhali Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu uliopandwa upya huchukua miaka kama sita au zaidi ndipo uanze kuzaa. Basi katika miaka iliyofuata Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu.

Mara ya kwanza tunasoma kimya, bila kupimwa. Mara ya pili mwalimu anasoma kwa sauti nasi tunamfuata sote pamoja, kwa pamoja kama tulivyokuwa tukifanya chuoni, na hapo hakuna anayesikika peke yake. Jambo hili ni dogo lakini limewaokoa wengi. Mtu mzima aliyeogopa kuchekwa akiwa skuli hafungui mdomo akiitwa asome mbele za watu, ila ndani ya sauti ishirini anasoma. Mara ya tatu kila mmoja anasoma peke yake kwa dakika moja, mwalimu akishika saa, na unaweka alama ya penseli kwenye neno ulipofikia. Halafu unarudia tena kutoka mwanzo.

Mie kwenye karatasi ile nilianza na maneno 78 kwa dakika. Jioni ile ile, baada ya kurudia, nikafika 112. Mwalimu alitutahadharisha tusifurahie namba hiyo peke yake, kwani karatasi ukiishaizoea lazima uende mbio. Kinachotazamwa ni karatasi mpya ya kesho yake: je, mwanzo wa leo uko juu ya mwanzo wa jana? Wangu ulipanda polepole, siku nyengine ukashuka, na mwisho wa mwezi nilikuwa naanza karatasi nisiyoijua kwenye 100 hivi. Sababu yake aliieleza vyema. Maneno yanayojirudia, kama "kwa hiyo", "ilhali", "isipokuwa", jicho likishayatambua bila kuyatamka herufi kwa herufi, akili inapata nafasi ya kushughulika na maana.

Ila mwendo bila maana haufai kitu, na hapa ndipo nilipoumia zaidi. Ukimaliza kusoma unageuza karatasi chini na kumsimulia jirani yako ulichokumbuka. Mara ya kwanza nilisema, "Kulikuwa na kimbunga, mikarafuu ikaanguka," nikanyamaza. Mwenzangu, mvuvi kutoka upande wa Tumbe, akaniuliza, "Sasa Pemba imeingiaje hapo?" Nami nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo zaidi ya mara moja!

Dawa ya jambo hilo ni penseli. Unarudi kwenye karatasi na chini ya kila sentensi unapiga mstari kwa mtendaji na kitendo tu: kimbunga kiliangusha, Pemba iliponea, mkarafuu huchukua miaka. Sentensi ndefu zinapasuka zenyewe. Kisha unatafuta maneno yanayounganisha sababu na matokeo, unayazungushia duara. Nilipofanya hivyo niliona kwamba ile miaka sita ya mkarafuu kukua, niliyoiruka kwa kuona ni maelezo ya pembeni, ndiyo inayoeleza kwa nini Unguja haikuweza kurudi haraka kwenye nafasi yake. Nikageuza karatasi, nikasimulia upya, na mvuvi hakuwa na swali.

Karatasi haitupwi. Unaisimulia tena kesho yake bila kuitazama, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki, na unafungua kuangalia pale tu unapokwama. Wengi hudhani kusoma tena ndiko kudurusu, kwa kuwa ukiitazama karatasi kila kitu kinaonekana unakijua. Ukiifunika ndipo unajua kilichobaki kichwani. Mie nafanya hivi nikiwa kwenye cherehani, na kimbunga kile nakisimulia hadi leo.

Nyumbani tulipangiwa dakika kumi tu kwa siku katika wiki ya kwanza, na tulikatazwa kuzidisha. Zilipanda taratibu mpaka 25. Nilijipangia baada ya alfajiri, kabla ya wateja, kwa sababu usiku nimechoka na umeme wenyewe hauaminiki.

Sasa yasiyonipendeza. Karatasi nyingi ni nakala ya nakala. Herufi zimefifia na baadhi ni ndogo mno. Kwa darasa linaloanza kwa kupima macho, hilo halikubaliki, na nimewaambia. Madawati ni ya watoto, magoti yanauma. Pia Kiingereza kililetwa wiki ya tatu kwa haraka. Kinahitajika, maana Historia, Uraia na Biolojia hujibiwa kwa Kiingereza, lakini baadhi ya wenzangu waliacha kuja hapo hapo. Palipofanyika vizuri ni pale tulipopewa kwa Kiingereza habari ambayo tayari tumeisoma kwa Kiswahili. Karatasi ya kimbunga ilipokuja kwa Kiingereza, maneno mengi mapya niliyabahatisha sawasawa, kwa kuwa kisa nilikijua. Lakini jioni nyengine tulipewa ukurasa wa Biolojia kwa Kiingereza bila kupita kwanza kwenye Kiswahili, na darasa zima lilikaa kimya. Kama wanaopanga masomo wanasoma haya, nawaomba: Kiswahili kwanza, kila mara, kwa mwezi wote huo.

Na si darasa la kila mtu. Asiyejua kusoma kabisa atapotea hapa. Huyo anahitaji kisomo, kinachoanza na herufi na silabi. Anayesoma magazeti kila siku bila tabu anaweza kuuruka mwezi huu, akaanza masomo moja kwa moja. Wanaofaidika ni watu wa katikati kama mimi, waliowahi kusoma wakaacha. Hesabu haimo hata kidogo, basi anayetaka kurudia Hisabati atafute msaada pengine.

Jambo la mwisho ni wakati. Mie nimeingia kabla ya msimu wa karafuu. Aliyewahi kusoma hapo mwaka wa nyuma aliniambia kwamba msimu ukichanganya darasa linabaki nusu, watu wako mikarafuuni mchana na wanachambua usiku, na karatasi za kila siku zikikatika wiki mbili mwendo unarudi karibu na ulipoanzia. Kama familia yako ina mikarafuu, jiandikishe mwezi ambao utaweza kuja jioni zote, na ukienda kujiandikisha omba uoneshwe karatasi wanazotumia, uzishike mkononi uone kama zinasomeka.