GIMP 3 na fataki za Bonane juu ya Bukavu: uzoefu wangu

Bon, haya ni maoni yangu juu ya GIMP 3, programu ya kurekebisha picha, kwa kazi moja tu, kuweka fataki juu ya foto ya mji usiku, juu wengi wanaoisifu wanasema ni ya bure halafu wanaishia hapo. Hoteli moja ya huku Bukavu ilitaka kadi ya Bonane yenye fataki juu ya ziwa. Foto nilipiga toka kilimani, unaona rasi ya La Botte imeingia ziwa Kivu na taa za nyumba zinashuka mpaka majini. Fataki za kweli hawakutaka hata kusikia, na mtu wa huku hahitaji kuelezwa kwa nini, mlio mkubwa wa usiku unakukuta uko chini kabla hujauliza ni nini.

Fataki zenyewe njo sehemu rahisi. Unachukua foto ya fataki kwenye anga nyeusi, unaiweka leya ya juu, mode unachagua `Addition`, basi. Nyeusi ni sifuri, ukiijumlisha haibadilishi kitu, kwa hiyo hakuna kukata cheche moja moja. Kama anga ya ile foto ni kijivu kidogo, ingia `Colors > Levels` usukume nyeusi mpaka ile kijivu izame. Hapa GIMP iko na kitu nilichopenda sana: tangu 2.10 `Addition` inajumlisha mwanga kwa hesabu ya mwanga wenyewe (linear), vile taa mbili zinavyojumlishana ukutani. Ila pembeni ya orodha ya mode kuna kabutoni kanakokupeleka kwenye mode za `Legacy`, ukiingia huko hesabu ni ya zamani na cheche zikikutana na taa za mji zinaungua nyeupe haraka. Baki `Default`.

Sasa majengo, hapa ndipo foto nyingi zinaanguka. Mtu anachukua brashi laini nyekundu anapaka juu ya nyumba, na matokeo ni kama ukungu wa pinki umesimama mbele ya mji. Mwanga hausimami mbele ya ukuta, unapiga ukuta, na ukuta unarudisha kulingana na rangi yake: chokaa nyeupe inarudisha mwingi, muti unarudisha kidogo, dirisha la giza karibu hairudishi chochote. Kwa hiyo kabla ya kujumlisha lazima uzidishe, rangi ya ukuta mara rangi ya fataki.

Namna nilivyofanya: jioni, kabla taa hazijawaka, nilikuwa nimepiga ile ile foto, kamera kwenye trepie bila kuigusa, mawingu yamefunika jua ili kusiwe na vivuli. Hiyo foto ya mchana njo inajua kila ukuta ni wa rangi gani. Niliiweka ndani ya grupu, juu yake leya ya rangi nyekundu yenye mode `Multiply`, halafu grupu nzima nikaipa `Addition` juu ya foto ya usiku. Anga na maji vinafichwa na maski. Madirisha yenye taa huna haja ya kuyakinga, tayari yanang'aa sana, hicho kidogo kinachoongezeka hakionekani, wakati ukuta wa giza pembeni unawaka. Ile rangi nyekundu usiichukue katikati ya fataki maana pale kamera imeungua na kuwa nyeupe, chukua kwenye ncha za cheche. Kama hauna foto ya mchana unaweza kutumia kopi ya ile ya usiku, lakini itakuletea punjepunje, na mwanga utatokea pale tu taa za barabarani zilikuwa zinamulika tayari.

Halafu nguvu. Nilijiwekea kwamba fataki zinarushwa toka mtumbwi mita 200 mbele ya nyumba za ncha ya rasi, kila fataki ikiwa ganda la inchi 6. Kwa kawaida ganda linapanda kama mita 30 kwa kila inchi, kwa hiyo linapasuka mita 180 juu, ni urefu wa ghorofa 60, ndiyo maana fataki inayogusa paa la hoteli ya ghorofa nne inaonekana ya mtoto. Toka pale juu mpaka nyumba za karibu ni mita 270 hivi. Nyumba za mlimani, mita 800 toka mtumbwi, ziko mita 820. Umbali ni mara tatu, na mwanga unapungua kwa mraba wa umbali, maana yake wanapata sehemu moja ya tisa. Nikagawa grupu mbili, ya karibu opacity 45, ya mbali 5. Ile 5 inaonekana kama hamna kitu mpaka uizime, ndiyo unaona mlima umekufa. Kuta zilizogeukia upande mwingine nilizifuta kabisa kwenye maski, na mabati yanayoangalia ziwa nikayaongezea, bati jipya linarudisha mwanga karibu kama kioo. Kipimo changu: zima leya ya fataki, angalia mji peke yake. Kama huwezi kuonyesha kwa kidole fataki zilipasukia wapi, bado.

Maji. Kopi ya fataki, `Layer > Transform > Flip Vertically`, lakini unaigeuzia wapi? Si kwenye ukingo wa ziwa ulio karibu na wewe. Ni pale majini chini kabisa ya fataki, kwangu pale kwenye mtumbwi, cheche ya juu zaidi inaangukia karibu zaidi na mpiga foto. Kisha usiache duara safi, ziwa lina viwimbi. `Filters > Blur > Linear Motion Blur`, pembe 90, na urefu usiubuni: angalia taa za kweli za pwani kwenye foto yako zimenyooshwa kiasi gani majini, fataki zifuate hizo hizo. Ukitazama maji kwa mteremko mdogo sana yanarudisha mwanga mwingi, ukiyatazama wima yanarudisha kama asilimia 2 tu, kwa hiyo niliweka gradienti kwenye maski, mbali nguvu, karibu hafifu. Uzuri wa 3.0 ni kwamba ile blur inabaki imefunguka, unarudi kubadilisha urefu bila kuanza upya, kwenye 2.10 ilikuwa ukishafanya umefanya.

Kinachoumiza ni ram. Kwa kazi hii unataka `Image > Precision` iwe 32 bit floating point, la sivyo anga inatoa mistari mistari, lakini foto ya megapikseli 24 hapo inakula megabaiti 384 kwa kila leya, leya sita umeshapita giga mbili, na ordinatere ya giga 4 inaanza kuhema. Ukishuka kwenye 16 bit floating point ni nusu yake, na kwa macho yangu hakuna tofauti. Pia haisevu yenyewe kila baada ya dakika, na kuran ya huku mnaijua, kwa hiyo Ctrl+S kila ukimaliza leya, hasa kama betri yako imechoka.

Mwisho wa kazi, kabla ya kutoa JPEG, rudisha kwenye 8 bit na kwenye kile kidirisha uwashe dithering, yaani punje ndogo, maana klian atairusha WhatsApp na kule ikibanwa ile mistari ya anga inarudi kama hukuweka punje.