Wish ya viti saba kwa watoto wawili wadogo: kagua safu ya pili kabla ya kulipa

Natumia Toyota Wish ya kizazi cha pili, ile iliyoanza kutoka 2009, ikiwa na viti viwili vya watoto: cha mchanga kinachotazama nyuma na cha mkubwa wake kinachotazama mbele. Kwa injini na mafuta sina neno. Kinachoamua kama gari hili litakufaa ni safu ya pili.

Vyuma vya ISOFIX, vile vinavyoshikwa na kiti cha mtoto, viko pembeni mwa safu hiyo, si katikati. Kila upande una viwili vilivyoachana sentimita 28, vimejificha pale egemeo linapokutana na kikalio. Magari mengi ya mtumba huuzwa yakiwa na kava, na kava hufunika yote hayo. Usiridhike na maneno ya muuzaji. Ingiza vidole kwenye upenyo mpaka uguse chuma. Kisha tafuta pa kufungia mkanda wa juu wa kiti cha mtoto. Kulabu za mizigo kwenye buti zinafanana napo, lakini hazikutengenezwa kuhimili uzito wa mtoto anaporushwa mbele. Kitabu cha gari kinaonyesha kipi ni kipi.

Ukifunga, sukuma mpaka usikie mlio pande zote mbili na alama zigeuke kijani. Shika kiti karibu na vyuma ukitikise. Kikicheza zaidi ya sentimita 2.5, kifungue uanze upya. Mara nyingi ni kava lililobanwa kati ya taya za kiti cha mtoto na chuma cha gari.

Kiti cha mchanga nakiweka kushoto, nyuma ya abiria. Kinakula nafasi ya magoti ya aliye mbele yake, na dereva hapaswi kukaa amebanwa. Isitoshe, kwa kuwa tunaendesha kushoto, mtoto anashushwa upande wa kando ya barabara.

Sasa hesabu ya watu. Bodi ya Wish nyingi ina upana wa milimita 1,695, kwa hiyo viti viwili vya watoto vikishakaa, katikati panabaki ufinyu na soketi ya mkanda inafunikwa na ubavu wa kiti. Mtu mzima hawezi kufunga mkanda vizuri hapo. Safu ya tatu nayo inafikiwa kwa kusogeza kiti cha safu ya pili, na kilichofungiwa kiti cha mtoto huwezi kukisogeza hivyo bila kukifungua kwanza. Kwa maoni yangu, viti vya uhakika kila siku ni vinne.

Toyota Sienta, gari jingine la viti saba, ina milango ya kuteleza, msaada mkubwa kwenye maegesho ya kubanana, lakini nayo haizidi Wish kwa upana. Anayetaka bibi au dada akae katikati ya watoto atafute gari pana zaidi, na aende yadi na viti vyote viwili avifunge palepale.