Mizani ya jikoni ya kununua Lubumbashi kwa anayepika na resipi za Kiingereza

Malalamiko ya wasomaji kuhusu mikate ya resipi za Kiingereza huja kwa sura mbili. Wa kwanza mkate wake umetoka mgumu, unavunjika kama udongo mkavu. Wa pili mkate wake umefura upesi, ukapasuka juu, kisha ukabonyea katikati ukinuka hamira. Wote wawili wanasema walifuata vipimo. Na kweli walivifuata, ila wa kwanza alipima unga kwa kikombe, na wa pili alinunua mizani isiyoona vitu vidogo.

Tuchukue resipi moja ya mkate mweupe wa kawaida, kama zinavyoandikwa Marekani: "3 cups flour, 1 cup warm water, 2 tbsp sugar, 2 tbsp melted butter, 1 tsp salt, 2¼ tsp instant yeast". Hiyo "cup" si kikombe chako cha chai. Ni kipimo cha ujazo cha mililita 237 hivi. "Tbsp" ni kijiko kikubwa cha mililita 15, na "tsp" ni kijiko kidogo cha mililita 5, vyote vikisawazishwa kwa mgongo wa kisu. Tukihamishia kwenye gramu: unga gramu 360, maji gramu 237, sukari gramu 25, siagi gramu 28, chumvi gramu 6, hamira gramu 7. Maji ni ya joto la 110 kwa digrii za Fahrenheit, yaani 43 kwa zetu. Oveni ni 350, yaani 175 hadi 180. Ukitaka kubadili mwenyewe, toa 32, zidisha mara 5, gawa kwa 9.

Unga ndio unaoharibu hesabu. Kikombe kimoja cha unga uliomiminwa kwa kijiko na kusawazishwa kina gramu 120 hivi. Ukichota kwa kuzamisha kikombe ndani ya mfuko, unga unashindiliwa na kufika gramu 150. Kwa vikombe vitatu umeongeza gramu 90, na maji hayakuongezeka. Huo ndio mkate wa udongo mkavu.

Hata mpangilio wa maneno hubadilisha uzito. "1 cup sifted flour" maana yake chekecha kwanza, ndipo upime. "1 cup flour, sifted" maana yake pima kwanza, ndipo uchekeche, na unga wake ni mwingi zaidi. Koma ile ndogo ina gramu zake. Na kwa kuwa tumegusa vitenzi: "cream the butter and sugar" haikuambii utie krimu. Inakuambia usugue siagi na sukari pamoja mpaka zipauke na kuwa laini. Anayesoma Kiingereza kupitia Kifaransa hunasa hapo, akaenda kununua krimu bure. "Fold" nayo si kukunja. Ni kupitisha mwiko chini ya mchanganyiko na kuugeuza juu taratibu ili hewa isitoke. "Knead" ndiyo kukanda kwenyewe.

Kwa hiyo cha kwanza kununua ni mizani ya kidijitali. Mambo ambayo kila muuzaji atakutajia, kama kubeba kilo 5 na kusoma gramu moja moja, yaache, karibu zote zinayo. Kuna kasoro moja ambayo haiandikwi kwenye boksi, na mimi siinunui mizani kabla sijaitafuta.

Mizani nyingi zimepangwa zijirudishe kwenye sifuri zenyewe. Kipimo kilicho ndani huyumba kidogo joto la chumba likibadilika, basi mtengenezaji ameiambia mizani: ukiona badiliko dogo sana karibu na sifuri, lihesabu kuwa ni kuyumba, lifute. Kwa unga wa kumwaga kwa wingi hakuna tatizo. Tatizo huanza unapoweka bakuli, unabonyeza sifuri, kisha unanyunyiza hamira kidogo kidogo. Kila unyunyizo ni chini ya nusu gramu. Mizani inaufuta. Unanyunyiza tena, inaufuta tena. Ikianza hatimaye kuhesabu, kwenye bakuli kuna hamira ambayo haijawahi kuonekana kwenye kioo. Kioo kinasema 7, ndani kuna 10 au 11. Kwa joto la Lubumbashi mwezi wa kumi, unga huo utafura kabla hujamaliza kuwasha makala, na mkate utaanguka. Chumvi ikipimwa hivyo hivyo, mkate utakuwa na chumvi kali na hautafura vizuri, maana chumvi nyingi huizuia hamira.

Jaribio lake ni la karatasi. Karatasi moja ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80 inayotumika kwenye fotokopi, ina uzito wa gramu 5. Ikate vipande kumi vinavyolingana, kila kimoja kina nusu gramu. Weka bakuli jepesi juu ya mizani, rudisha sifuri, kisha dondosha kipande kimoja kimoja, ukihesabu sekunde tatu kati ya kimoja na kingine. Mwisho isome 5. Ikisoma 4 si neno. Ikisoma 2, au imebaki 0, toa vipande vyote, subiri irudi sifuri, uviweke vyote kwa mara moja. Ikisoma 5 sasa, umeona ugonjwa wenyewe: inajua kupima, lakini inafuta kinachokuja polepole.

Aliyekwisha kununua ya namna hiyo asiitupe. Pimia hamira pembeni: weka kikombe kidogo kitupu, rudisha sifuri, kiondoe, tia hamira kikiwa mezani, kisha kirudishe chote kwa mara moja. Ukizidi au kupungukiwa, kiondoe tena, rekebisha, rudisha. Inachosha, lakini namba ni ya kweli.

Kwa upande wa aina, naipendelea Terraillon ya Wafaransa, na sifichi upendeleo huo. Ikiwa mpya ni ghali, lakini iliyotumika huonekana kwenye vitu vinavyotoka Ulaya, na karatasi yake ya maelezo utaisoma bila kamusi. Hata hiyo ipite kwenye jaribio la karatasi, jina halipimi hamira. Ya pili ni Soehnle ya Wajerumani, kwa sharti hilo hilo. Angalia pia betri kabla ya kulipa. Zinazotumia betri nyembamba za kidole, zile za rimoti, ni bora, kwa sababu hata kioski cha mtaani kinaziuza. Zinazotumia kile kisahani cha CR2032 zitakufanya uzunguke mji mzima siku ya kuoka.

Zile nyeupe za SF-400 na ndugu zake, zinazojaa kila mahali: zinatosha kwa unga, sukari na nyama. Hamira pima pembeni.

Kwenye mizani nyingi kuna kitufe cha kubadili kipimo, na kidole hukigusa bila wewe kujua. Kioo kikionyesha "oz", namba ni aunsi, na aunsi moja ni gramu 28. Kikionyesha "ml", mizani imechukulia kuwa unapima maji. Ukimwaga mafuta au asali kwenye "ml", namba si kweli: mafuta ni mepesi kuliko maji, asali ni nzito zaidi. Acha kwenye "g" daima. Na resipi ikisema "8 oz butter" hiyo ni uzito, gramu 227. Ikisema "8 fl oz milk" hiyo ni ujazo, sawa na "cup" moja.

Cha pili kununua ni vijiko vya kupimia, vya chuma, vilivyochongwa "15 ml" na "5 ml". Namba iwe imegongwa kwenye chuma, kwa sababu iliyopakwa rangi hutoka kwa sabuni. Vihakikishe nyumbani: kijiko kikubwa cha maji kisome gramu 15 kwenye mizani. Cha supu cha nyumbani usikiamini, vingine vinabeba 10, vingine karibu 20.

Cha tatu, jagi la kioo lenye mistari ya mililita. Maji na maziwa tu.

Vikombe vya kupimia naviweka mwisho, ingawa ndivyo vinavyouzwa kwa maneno mengi. Vinavyopita Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini ni vya mililita 250, vya Kimarekani ni vya 237 au vimeandikwa 240. Tofauti hiyo yenyewe haiui mkate, mradi unga na maji vipimwe kwa kikombe kile kile, kwa sababu uwiano unabaki. Inaharibu pale unapopima unga kwa kikombe cha 250 na maji kwa jagi kwenye mstari wa 237. Vya plastiki visivyoandikwa mililita popote, viache dukani.

Sasa wauzaji. Unaomba ufungue boksi ujaribu, unaambiwa "haifunguliwi, ni mpya". Unauliza betri, unaambiwa ziko ndani. Hazimo. Unauliza inatoka wapi, kila mizani inatoka Ulaya, hata yenye maandishi ya Kichina mgongoni. Bei inatajwa kwa dola, noti yako ikiwa na mpasuko mdogo inarudishwa, lakini chenji unapewa faranga zilizochakaa mpaka namba hazisomeki. Mama, ukiwa kwenye soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi au mjini, beba betri zako mbili na karatasi ile iliyokatwa kwenye bahasha. Asiyekubali ufungue, mwachie mizani yake. Na karatasi ikisahaulika nyumbani, noti moja ya dola, ya thamani yoyote, ina uzito wa gramu moja hivi: kunja tano, ziweke, kioo kisome 5. Hilo linaonyesha tu kama inapima sawasawa, ugonjwa wa kufuta utauona kwa vipande vya nusu gramu. Hata ile iliyopasuka aliyoikataa itafaa kwa kazi hiyo.