Santuri, kaseti, CD au faili: anayeanza aanze na ipi?

Mtu anayeanza kukusanya dansi au taarabu ya zamani akiniuliza aanze na nini, namwambia CD. Hukunja uso, maana amekuja na ndoto za santuri. Lakini CD ya mtumba hainunuliwi ghali, na ukiiingiza kwenye kompyuta unapata na faili zake zikiwa kamili. Kabla ya kulipa, igeuze. Ya kiwandani huwa na rangi ya fedha kwa chini. Yenye kijani au zambarau ni ya kuchoma, na rangi hiyo hufifia na miaka hadi CD inagoma. Halafu imulike kwenye taa, na ukiona vitundu vya mwanga, iache. Wengi huogopa mikwaruzo ya chini, ambayo mara nyingi husuguliwa ikaisha. Hatari iko juu, upande wa maandishi, kwa sababu utando wenye muziki umekaa chini ya ile rangi tu.

Santuri naipa nafasi ya pili, kwa sharti kwamba mashine ije kwanza. Zile za bei rahisi zenye umbo la sanduku hukandamiza sindano kwa gramu 5 hivi, wakati mashine nzuri hutosheka na 2, na uzito huo hula santuri kila unapoipiga. Ukishaipata, tafuta singo za Nairobi za miaka ya 1970: inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, na mara nyingi wimbo mmoja umekatwa vipande viwili. Waimbaji wanamaliza beti upande wa kwanza, unageuza, magitaa yanachemka. Kwa hiyo kagua pande zote mbili, na upande wa pili kwa jicho kali zaidi; nyingi nilizokuta, huo ndio uliochoka, maana ndiko watu walikochezea. Pitisha ukucha taratibu juu ya mkwaruzo. Ukikwama, tarajia sindano kuruka. Usipokwama, utasikia mchakacho tu. Kisha iinue usawa wa jicho uone kama jua limeipinda. Tundu kubwa la katikati lisikutishe, linazibwa na kipande cha plastiki.

Kaseti ni ya tatu, ingawa hutaikwepa, kwa kuwa nyimbo nyingi za miaka ya 1980 na 1990 ziliuzwa kwa kaseti tu. Chungulia dirishani: unga mweupe kando ya utepe ni ukungu, na ukiipiga utauhamishia kwenye redio yako. Tazama pia kile kipande kidogo cha sufi nyuma ya utepe. Kikidondoka, sauti inakuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi, lakini unaweza kukihamisha kutoka kaseti mbovu.

Faili nimeziweka mwisho kwa sababu za kulipia kila mwezi si zako. Ukiacha kulipa, zinaondoka. Za kununua na kupakua ni sawa, mradi uzihifadhi sehemu mbili. Mimi nilikuwa na flashi moja tu, ikafa na nyimbo zote. Zilizorudi ni zile nilizokuwa nazo kwenye CD.