Wavu wa kuku kwenye miche ya mboga: uzoefu wangu hapa Nyasaka, Mwanza

Wavu ninaouzungumzia ni ule wa waya mwembamba wenye matundu ya pembe sita, unaokatwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Niliununua kabla ya vuli kulinda miche ya sukuma wiki, nyanya na maboga. Kwa kuku unafaa sana. Kwa paka unafaa ukiufukia kidogo kwenye udongo. Kwa panya, usipoteze hela yako.

Kijana wa dukani aliniuliza, "Mama, unafuga au unalima?" Nilipomjibu kuwa nalima alicheka, lakini akanishauri jambo la maana: nipime tundu kwa kidole kabla ya kulipa. Kidole gumba kilipita bila kukwaruzwa, kama sentimita mbili na nusu hivi. Tundu la hivyo halipitishi kichwa cha kuku mkubwa, ila mdomo unapita. Kwa mtoto wa panya ni mlango wazi.

Kabla ya kununua chochote, mjue kwanza adui yako, maana watu wengi wanawasingizia kuku wa jirani. Kuku akipekua hutawanya udongo huku na huku, shimo lake ni pana na halina kina, na mara nyingi majani ya miche yanakuwa yamedonolewa. Ukikuta kishimo cha mviringo kikavu chenye manyoya, hapo ameoga vumbi. Paka hali mche. Anachimba shimo moja, anajisaidia, kisha anavuta udongo kulifukia, kwa hiyo unakuta kirundo upande mmoja na miche imelala, mizizi iko nje. Panya huchimba kitundu kidogo safi pale pale ulipofukia mbegu na kukuachia maganda, au anakata shina changa kwa mshazari kama limekatwa na kiwembe. Ukibaki na shaka, jioni chekecha jivu la mkaa kuzunguka tuta, ulisawazishe kwa kipande cha ubao, asubuhi usome nyayo. Kwangu walikuwa wote watatu, kila mmoja na eneo lake.

Tuta la sukuma wiki lilikuwa la kuku. Hapo niliutengeneza wavu kama handaki. Rola niliyouziwa ina upana wa sentimita 90. Nilikunja sentimita kumi kila upande zilale chini kuelekea nje, nikabakiwa na sentimita 70 za kupinda. Ukizipinda nusu duara unapata upana wa karibu sentimita 45 na kimo cha sentimita 22 katikati. Ndiyo maana tuta nimelifanya jembamba, mistari miwili tu, na yote nimeisogeza katikati. Mche uliokaa pembeni unagusa waya, na kuku anasimama nje anaudonoa taratibu kama yuko hotelini. Chini ya wavu niliweka matao ya fito ili usibonyee kuku akiruka juu, nikafunga kwa waya mwembamba wa kufungia nondo. Zile sentimita kumi za pembeni nimezikandamizia mawe, na mawe Mwanza hatununui. Hizo ndizo zinazomkwamisha kuku anayeanza kupekua ukingoni, kwa sababu kucha zinakutana na waya badala ya udongo. Ncha zote mbili za handaki lazima zifungwe pia. Kuku hana haja ya kuchimba kama umemwachia mlango.

Umwagiliaji haukuleta shida, maji yanapita juu ya wavu. Palizi ndiyo kero: inabidi uondoe mawe upande mmoja na kuinua. Sukuma wiki zilipokaribia kugusa dari niliuondoa wavu. Kufikia hapo mizizi imeshashika na kuku haing'oi tena, ingawa majani ya chini bado anayadonoa. Zingatia pia kwamba waya huu unaanza kupata kutu pale unapoukata, kwa hiyo kata vipande vichache virefu badala ya vingi vifupi, na kunja ncha kwa ndani. Zinachana mikono vibaya.

Kwenye ndoo za nyanya barazani tatizo ni paka. Anapenda udongo mkavu na mlaini, na ndoo mpya yenye mbolea iliyochambuka vizuri ni choo tosha kwake. Kwa kila ndoo nilikata duara la wavu, nikalipasua kutoka ukingoni hadi katikati, nikalizungushia mche na kulifukia chini ya sentimita moja ya udongo. Paka anakanyaga, anajaribu kukwangua mara moja, anaondoka. Tundu la katikati liwe na nafasi ya vidole vitatu, la sivyo shina la nyanya likinenepa litakabwa na waya. Nilikolaza mawe ya ukubwa wa ngumi yaliyobanana kuzunguka mche, matokeo yalikuwa yale yale bila gharama. Kwa hiyo mwenye ndoo chache asinunue wavu, aokote mawe.

Watu watakwambia utumie nyavu kuukuu za dagaa kutoka mwaloni. Ni rahisi kupatikana na matundu yake ni madogo, lakini usipozifua mpaka harufu iishe unawaalika paka wa mtaa mzima. Nyuzi zake pia zinanasa miguu ya kuku na mijusi, na panya anazitafuna. Hata maji ya kuoshea samaki, ambayo wengi wetu tunayamwaga kwenye maua yakiwa mbolea, yanamfanya paka afukue akitafuta samaki asiyekuwepo. Na paka akishajisaidia humo, toa kinyesi pamoja na udongo unaokizunguka, ukivaa glavu. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo, kwa sababu kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma ambavyo ni hatari kwa mtoto tumboni. Mboga zinazotoka hapo zioshwe sana.

Panya ndio walionirudisha dukani. Mbegu za maboga nilizopanda kwenye trei zilifukuliwa usiku, wavu wa kuku ukiwa juu yake umetulia kabisa. Safari hii nilichukua mita moja ya ule wavu mgumu wa matundu ya mraba ya milimita 6. Bei yake kwa mita ni zaidi ya mara mbili ya wavu wa kuku, lakini kwa trei huhitaji mwingi. Usikubali wa milimita 12 kama una panya wadogo wa nyumbani, ule unazuia panya wakubwa tu. Nimeukunja kuwa boksi lisilo na kitako, kimo kama shubiri moja, kona nimezishona kwa waya ule ule wa nondo. Trei imekaa juu ya bati, boksi limeifunika, jiwe juu. Bati ni la lazima, maana bila hilo panya anapita chini ya ukingo.

Boga linahitaji ulinzi huo mpaka ganda la mbegu lianguke na majani mawili ya kwanza yafunguke. Anachokitafuta panya ni kiini cha mbegu, na kikishatumika kukuza mche haji tena kufukua. Ondoa boksi siku hiyo hiyo, kwa sababu jani la kwanza la kweli linakua haraka, likishapenya kwenye matundu ya milimita 6 huwezi kuinua wavu bila kulikata.